Ujumbe wa Pilipili kwa Mwenye Nyumba

Kinyozi wa kona ile walimwita Pilipili, na hakuwa na wa kumlaumu. Mteja akitikisa kichwa, alimwuliza kama amekuja kunyolewa au kucheza ngoma. Mteja akilalamika kwamba mashine ina joto, alimwambia akaweke kichwa kwenye friji kwanza kisha arudi. Watu walicheka, na nywele zikiota walirudi, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwahi kumkata mtu. Lakini mkewe alisema kwamba ulimi ule ungekuwa wembe, ukoo mzima ungekuwa na vipara.

Walipanga ghorofa ya tatu, ya juu kabisa: yeye, mkewe aliyeuza katika duka la dawa, na mama yake mzazi, aliyehamia kwao magoti yalipoanza kumgomea.

Balaa lilianzia jikoni. Kwanza lilitokea doa la rangi ya chai darini, juu ya sinki. Doa likatanuka, likavimba, likaanza kudondosha. Wakaweka beseni. Siku zikapita, maji yakapata njia nyingine, yakawa yanateremka ukutani taratibu kama mtu anayenyata, hadi kwenye soketi ya birika. Asubuhi moja mama yake alipochomeka birika, shoti ilimpiga mkono mzima mpaka akakaa chini sakafuni. Alipoulizwa alicheka, akasema umeme umemsalimia. Kinyozi hakucheka. Aliifunika ile soketi kwa utepe, akawakataza wote kuigusa, na tangu siku hiyo maji ya chai yalichemshiwa kwenye gesi. Hata hivyo soketi iliendelea kunguruma nyuma ya utepe, na kila aliposhuka ngazi kwenda kazini alikuwa akimwacha mama yake na mngurumo ule.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane, mkunga mstaafu, aliyekaa upande wa pili wa mji. Hakuwa mtu mbaya, ila masikio yalikuwa yameanza kumwacha. Kinyozi alipompigia mara ya kwanza na kumwambia dari inavuja, alijibiwa kwamba yeye hana gari, gari lilikuwa la marehemu na liliuzwa zamani. Wakazungushana hapo mpaka mama wa watu akashika neno moja, kuvuja, akaahidi kutuma fundi. Akaongeza kwamba siku nyingine wamwandikie, maana kwenye simu anaokoteza maneno tu.

Fundi hakuonekana. Baada ya ile shoti, kinyozi akapiga tena, na safari hii sauti yake ilifika mpaka kwa majirani. Mwenye nyumba akamjibu kwa utulivu, "Hilo si limeshakwisha, mwanangu?"

Limeshakwisha! Kinyozi alimkatia simu palepale. Kwake yeye lile lilikuwa jibu la mtu anayekufukuza kama nzi.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alikaa sebuleni na simu yake akaandika. Aliandika kwa dole gumba moja, akihema, na mkewe alipochungulia begani alimwambia angoje kwanza asome kitu kikishaiva. Wakati huohuo hodi ikapigwa. Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, aliyekuja kuwajulia hali. Shemeji huyu alifanya kazi katika kampuni ya mabasi, kwenye dawati la malalamiko. Kutwa nzima alisoma barua na ujumbe wa abiria waliopotelewa mabegi, waliochelewa harusi, waliokalishwa karibu na mbuzi. Mkewe alipomwona tu alimwambia, kabla hata ya salamu kwisha, amwombe shemeji yake ile simu.

Kinyozi alimpa kwa fahari, kama anayeonyesha mkato mpya wa nywele. Shemeji akasoma:

"Wewe mama umetufanya mafala. Dari yako ya jikoni inalia kama mjane tangu mwezi uanze, mvua isinyeshe, jua liwake, inalia tu. Hujatuma hata panya kuja kuangalia. Ukuta unanuka kama soksi. Soketi yako inanguruma kama nyuki na imemtikisa mama yangu mkono mzima Jumanne, au unangoja tukuletee maiti? Mlango wa choo nao bawaba ya juu imeng'oka, ukiutazama tu unakuangukia. Kodi unajua kuipokea, nyumba huijui. Usipoleta fundi, mwezi ujao hupati hata senti, na tutaona nani mwanaume."

Shemeji alijitahidi, lakini alipofika pale pa mwisho kicheko kilimshinda. Akauliza ikiwa mama wa watu naye yumo kwenye hayo mashindano ya kuwa mwanaume. Kinyozi alinuna. Akasema yeye si karani, ameandika ukweli, na ukweli ni mchungu.

"Ukweli umo, shemeji, tena mwingi kuliko unavyodhani," alisema shemeji akikaa. "Shida ni kwamba hataufikia. Mimi ndiye ninayepokea maneno kama haya kila siku. Nikishakutana na tusi, jicho langu linaacha kutafuta begi la mtu limepotelea wapi. Linaanza kutafuta jinsi ya kumjibu."

Kinyozi alikunja mikono kifuani. Akauliza, kwa hiyo ambembeleze? Apige magoti wakati mama yake anapigwa shoti?

Shemeji akasema la, hakuna kubembeleza. Watauchambua ule ujumbe kama mchele: mawe watatupa, lakini isipotee hata punje moja. Akachukua kalamu na bahasha tupu iliyokuwa mezani, wakaanza.

Mafala lilikuwa jiwe, hilo halikuwa na ubishi. Mjane nalo jiwe, tena kubwa, maana mwenye nyumba mwenyewe alikuwa mjane, na mtu hapigiwi mfano kwa msiba wake. Kinyozi aliposikia hivyo alijikuna kisogo. Hakuwa amefikiria. Lakini ile "mvua isinyeshe, jua liwake" alipotaka kuifuta pamoja na mjane wake, shemeji akamshika mkono.

"Hii iache. Ni kweli inavuja hata bila mvua?"

"Jana kulikuwa na jua kali, beseni likajaa."

"Basi hii ni mchele. Fundi asipoambiwa atapanda kuziba bati, na huenda bati halina kosa."

Soksi ikageuka kuwa unyevu na harufu ya ukungu. Mlango wa choo ukaulizwa maswali. Je, umewahi kumwangukia mtu? Kinyozi alikiri haujamwangukia mtu, ila unaburuza na bawaba ya juu imeng'oka kweli. Basi ikaandikwa bawaba, kuangukia kukaachwa. Shemeji alisema ukitia chumvi mahali pamoja, msomaji atadhani umeitia kila mahali, na siku hiyo hata shoti ataiona chumvi.

Walipofika kwenye soketi, mambo yakageuka. Shemeji aliandika kwa mwandiko wake mzuri, kwamba soketi ya jikoni ina hitilafu kidogo na ingefaa iangaliwe. Kinyozi akaisoma, akaisoma tena, kisha akaisukuma ile bahasha.

"Kidogo?" alisema. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo wote walimgeukia. "Shemeji, mama yangu alikaa chini. Mimi ndiye niliyemwinua. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka nikadhani hautaacha. Hapo hakuna kidogo."

Shemeji alimtazama, akakata lile neno kwa mistari miwili. Akasema amesahau kazi yake mwenyewe. Amezoea kulainisha mambo ya kampuni mpaka analainisha na ya nyumbani. Akamwomba aliseme mwenyewe, kama lilivyotokea, bila nyuki na bila maiti. Kinyozi akalisema taratibu: siku, birika, shoti, mkono mzima, mngurumo, utepe. Shemeji akaandika yote kama yalivyotoka kinywani mwake, na likawa zito kuliko yale ya nyuki.

Likabaki la panya. Kinyozi alishikilia kwamba hilo lisiguswe, abadilishiwe panya tu awe fundi: hujatuma hata fundi mmoja. Shemeji alikuwa ameshaanza kuliandika, ndipo mama mzazi, aliyekuwa kimya kwenye kiti chake karibu na dirisha muda wote huo, akakohoa.

"Mwanangu, fundi alikuja."

Kalamu ikasimama. Mama akaeleza huku akiikunja na kuikunjua kanga yake. Ilikuwa Jumamosi moja, siku chache baada ya ile simu ya kwanza, wote wawili wakiwa kazini. Hodi ikapigwa. Yeye akaitikia, akaanza kuinuka, na kuinuka kwake siku hizi ni safari. Alipofika mlangoni hakukuta mtu. Alipotazama dirishani, alimwona mwanamume mwenye mfuko wa vifaa begani akivuka barabara, hana haraka. Alidhani atarudi. Alipokosa kurudi, na mwanawe akazidi kuwaka, alishindwa kusema, akiona kosa ni la magoti yake.

Mkewe kinyozi akaenda kukaa pembeni yake. Kinyozi mwenyewe hakujua aweke wapi uso. Alimwambia mama yake kwamba magoti hayana kosa, mwenye kosa ni asiyejua kungoja mlangoni. Lakini moyoni alikuwa akiuona ule ujumbe wake, hujatuma hata panya, na jinsi kidole chake kilivyokuwa juu ya kitufe cha kutuma pale hodi ilipopigwa.

Akauliza kama hilo nalo waliandike. Si litampa mwenye nyumba pa kuponea?

Shemeji akasema liandikwe, na liandikwe lote: alikuja, alibisha, hakuingia, hakurudi. "Likikuumiza lakini ni la kweli, liweke. Asije akalileta yeye, ukaonekana mwongo kwa yote mengine."

Kuhusu vitisho, mkewe alileta mkataba wa nyumba kutoka kabatini. Ulisema wazi kwamba paa, mabomba na nyaya za umeme ni juu ya mwenye nyumba, na kwamba mpangaji atatoa taarifa kwa maandishi. Wakatazamana. Hawakuwahi kuandika hata mstari mmoja, zilikuwa simu na kelele tu. Kuhusu kuzuia kodi, mkataba haukuwapa ruhusa hiyo popote, na shemeji akasema kitisho usichoweza kukitimiza ni sawa na mbwa asiye na meno, mwizi akishamjua anamrukia. Akauliza ni kitu gani watakifanya kweli kama hawatajibiwa. Kinyozi akafikiri, akasema atakwenda ofisi ya mtaa kushtaki. Je, atakwenda kweli? Atakwenda hata kama ni kufunga kazi siku nzima. Basi hilo likaandikwa.

Chai ilipochemka, bahasha ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mkewe alisoma kwa sauti, kinyozi akachapa kwenye simu:

"Shikamoo Mama. Mimi ni kinyozi, mpangaji wako wa ghorofa ya tatu. Nakuandikia kwa sababu ulisema maandishi unayapata vizuri kuliko simu, na mkataba pia unatutaka tutoe taarifa kwa maandishi.

Dari ya jikoni, juu ya sinki, inavuja tangu mwezi huu ulipoanza, hata siku zisizo na mvua. Maji yameteremka ukutani hadi kwenye soketi, na ukuta una unyevu na harufu ya ukungu. Jumanne mama yangu alipochomeka birika, soketi hiyo ilimpiga shoti mkono mzima, akakaa chini sakafuni. Tumeifunika na hatuitumii, lakini bado inanguruma. Tunaogopa. Pia bawaba ya juu ya mlango wa choo imeng'oka na mlango unaburuza.

Tulipokupigia mara ya kwanza ulituma fundi, tunashukuru. Alikuja Jumamosi ile kabla ya shoti, akabisha hodi, akaondoka kabla mama hajafika mlangoni, kwa kuwa magoti yanamsumbua. Hakuingia ndani, na hajarudi.

Tunaomba fundi umeme aje kesho, kwa sababu ni hatari, na fundi bomba kabla ya Jumatano kwisha. Mlango unaweza kungoja hadi mwisho wa wiki. Mama yupo nyumbani muda wote. Fundi amsubiri kidogo, au anipigie. Sisi kodi tunalipa kwa wakati na tunapenda kuendelea kukaa hapa. Tusipopata jibu hadi Jumatano, itatubidi tulifikishe ofisi ya mtaa. Picha za dari, ukuta na soketi nakutumia sasa hivi. Asante, Mama."

Kinyozi aliusoma kutoka juu hadi chini akitafuta kilichopotea. Dari ipo, jua lipo, harufu ipo, shoti ipo, mlango upo. Alikiri, kwa shingo upande, kwamba mle ndani mlikuwa na mambo mengi kuliko aliyoyaandika yeye, na bado hakuona mahali alipopiga magoti. Akatuma. Kisha akaiweka simu mezani kifudifudi, kama mtu anayekwepa jicho la mtu.

Hawakumaliza chai. Simu ilitetemeka, na mkewe akaiwahi. Mwenye nyumba alikuwa ameandika hivi:

"Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Hakuingia ndani? Yule fundi aliniambia amepanda, ameziba, kazi imekwisha, nikampa ujira wake. Ndiyo maana uliponipigia nilikuambia limeshakwisha, ukakata, nikajua mtandao. Sikusikia habari ya shoti hata kidogo. Mpe mama pole sana. Zimeni umeme wa jikoni kwenye boksi sasa hivi, si utepe tu. Kesho asubuhi nakuja mwenyewe na mafundi wengine."

Kinyozi aliinuka, akaenda kwenye boksi la umeme nyuma ya mlango, akashusha swichi ya jikoni. Mngurumo ukakatika. Alisimama pale jikoni akisikiliza ule ukimya, na pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu, kana kwamba alikuwa ameizuia tangu Jumanne. Aliporudi sebuleni, mama yake alikuwa ameegemea kiti, amefumba macho, anatabasamu. Mkewe alimmiminia chai nyingine.

Kesho yake mwenye nyumba alipanda ngazi zote akiwa na mafundi wawili nyuma yake, akipumzika kila ghorofa. Kinyozi alikuwa amechelewesha kufungua kazi yake ili awepo. Fundi bomba aliuliza swali moja tu, kama ni kweli inavuja hata kukiwa na jua. Alipoambiwa ndiyo, hakugusa bati. Alipitia kwenye kifuniko cha darini akafuata bomba linalotoka kwenye tangi la maji, na haukupita muda akapaza sauti kwamba amekipata: kiungo kimepasuka, kinatema maji kila tangi likijaa. Fundi umeme naye aliifungua soketi, akaita watu waje waone. Nyaya zilikuwa nyeusi, plastiki yake imeyeyuka na kugandana. Akasema wametahadhari kwa wakati, maana hapo moto ulikuwa unatafuta siku tu. Alizing'oa zile nyaya, akaihamishia soketi ukuta mwingine ulio mkavu, mbali na sinki, akafunga na swichi inayokata umeme yenyewe mtu akipigwa shoti. Ule ukuta wenye maji akasema uachwe ukauke kwanza kabla ya kupakwa chochote. Kabla hajakusanya vifaa vyake alikaza na bawaba ya mlango wa choo, bila kuombwa, kwa kuwa alikuwa na skrubu.

Sebuleni, mwenye nyumba alikuwa ameushika mkono wa mama mzazi, anaugeuza huku na huku, anabonyeza vidole kimoja kimoja kama alivyozoea enzi za kazi yake. Aliuliza maswali kwa sauti ya mtu asiyesikia, na mama alijibu kwa sauti ya mtu anayemhurumia, kwa hiyo jengo zima lilijua kwamba mkono ni mzima, ila magoti yana neno. Akamwagiza mambo mawili matatu kuhusu magoti. Kisha, bila kuzungukazunguka, akaomba radhi kwa shoti ile, na mama akasema yamepita.

Kinyozi alikuwa akivaa viatu akaitwa. Mwenye nyumba alikuwa ametoa simu yake, anaitazama kwa mbali kama mtu anayesoma bango la ng'ambo ya barabara.

"Mwanangu, nataka kumwandikia yule fundi wa kwanza. Arudi, ajieleze, na alichochukua akirudishe. Lakini nikiandika mimi, hasira zinanipanda, nitamtukana mpaka ukoo. Wewe nimeona una ustaarabu wa kuandika. Niandikie."

Mkewe kinyozi aliingia jikoni ghafla, na kilichosikika huko kilikuwa kama mtu aliyepaliwa na maji. Kinyozi alikaa chini na kiatu kimoja mguuni, akaipokea ile simu.

"Kwa upole, Mama?"

"Kwa upole. Lakini usimwachie hata jambo moja."

Kinyozi akafikiri kidogo, akakohoa, akaanza kuandika: "Habari za kazi, fundi."